Mwongozo kamili: kuipitia plani mara ya mwisho kabla hujaituma

Plani nyingi za miradi ambazo vikundi hapa Mombasa hutuma kwa wafadhili kuomba hela haziandikwi na mtu mmoja. Mmoja anajua hesabu, mwingine ana laptopu, wa tatu ndio mwenye kalamu, halafu kuna yule ambaye anajuana na watu wa kaunti na yeye analeta kipande chake kwa WhatsApp saa tano usiku. Vyote vinapestiwa kwa faili moja. Sasa makosa ya mwisho karibu yote yanatoka pale vipande vinapoungana, na ndio maana ukiisoma plani kutoka juu mpaka chini kama gazeti huyaoni, kwa sababu kila kipande chenyewe kiko sawa. Ukurasa wa 2 uko sawa, ukurasa wa 8 uko sawa, shida ni kwamba hizo kurasa mbili hazisemi kitu kimoja.

Kwa hivo hapa hatusomi, tunapita. Unapita mara moja ukitafuta namba peke yake, unarudi ukitafuta majina peke yake, kisha vichwa, kisha urefu, halafu fomati mwisho kabisa. Na hiyo oda ina sababu yake: ukirekebisha namba, maneno yanabadilika, maneno yakibadilika kurasa zinasogea, kurasa zikisogea orodha ya yaliyomo inakosea. Ukianza na kupendezesha fomati utaifanya kazi hiyo hiyo mara mbili, na mara ya pili ni usiku na umechoka.

Ntatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Nimeupanga mwenyewe, lakini makosa yaliyomo ni yale yale yanayojirudia. Ni kikundi cha watu 15 Mtongwe, wanauza samaki, wanataka friza na vifaa. Mfadhili ametoa tangazo: plani isizidi kurasa 10 bila viambatisho, muhtasari usizidi maneno 250, A4, fonti saizi 12, kikundi kichangie angalau asilimia 15 ya gharama yote, na plani ifuate vichwa saba vilivyoorodheshwa. Hilo tangazo liprinti au lifungue kwa simu uliweke kando yako, kwa sababu kila utakachokicheki unakicheki dhidi yake. Usitegemee vile ulivyolikumbuka, na usitegemee vile mwenzio alivyokwambia.

Kwanza faili iwe moja na mwenye kuishika awe mmoja

Kabla hujacheki lolote, waambie wenzio faili imefungwa. Yeyote mwenye la kuongeza atume kwa maneno, asiguse faili. Isipokuwa hivo utarekebisha jumla kwenye kopi yako huku mwenzio anarekebisha jina kwenye kopi yake, na itakayotumwa itakuwa na kosa moja kati ya hayo mawili, bahati yako ni lipi. Ipe faili jina lenye tarehe, sio "final", kwa sababu baada ya "final" huja "final2" na "final ya ukweli" na hakuna anayejua tena ipi ni ipi.

Halafu kama mlikuwa mnatumia Track Changes kwenye Word, maliza hayo sasa hivi. Nenda Review, weka mwonekano uwe All Markup ili uone yote, pitia, kisha Accept All Changes, na komenti zote zifute. Kuna watu wanabadilisha tu mwonekano kuwa No Markup, wanaona karatasi safi, wanadhani imeisha. Haijaisha, marekebisho yamefichwa tu, na mfadhili akifungua kwa kompyuta yake anaweza kuyaona yote pamoja na ile komenti "huyu treasurer ana uhakika kweli?".

Namba

Hapa ndipo nitakaa sana, maana hapa ndipo plani huanguka.

Chukua karatasi ya kawaida na kalamu. Andika namba kubwa za plani: idadi ya wanachama, jumla ya bajeti, mchango wa kikundi, kiasi mnachoomba, miezi ya mradi, faida ya mwezi. Mbele ya kila namba andika kila mahali inapotokea. Jumla ya bajeti peke yake kwa kawaida iko kwenye barua, kwenye muhtasari, kwenye jedwali la bajeti, kwenye sehemu ya mapato na matumizi, na kwenye fomu ya mfadhili kama ipo. Sehemu tano, na kila moja imetaipiwa na mkono wake.

Bajeti ya kikundi chetu iko hivi:

Friza 2 kwa 68,500 = 137,000
Masanduku ya barafu 6 kwa 9,800 = 58,800
Meza ya stili 1 = 24,500
Mizani 2 kwa 7,200 = 14,400
Kodi ya kibanda, miezi 6 kwa 8,000 = 48,000
Umeme, miezi 6 kwa 4,500 = 27,000
Mafunzo ya usafi wa chakula = 18,000
Leseni na vibali = 11,300

Anza na kila mstari: zidisha idadi kwa bei upya kwa kalkuleta ya simu. Usianze na jumla, kwa sababu jumla inaweza kuwa sahihi kabisa ya mistari iliyokosewa. Mistari ikiwa sawa, jumlisha kutoka juu kushuka, kisha jumlisha tena kutoka chini kupanda, ukipata jibu moja mara mbili ndio uliamini. Hapa ni 339,000.

Sasa fungua muhtasari. Umeandikwa 393,000.

Kuna ujanja wa wahasibu wa zamani hapa. Toa ndogo kwa kubwa: 393,000 kutoa 339,000 ni 54,000. Kwanza angalia kama kuna mstari wowote wa bajeti wenye kiasi hicho hicho, maana kama upo basi pengine umeachwa au umehesabiwa mara mbili. Hakuna wa 54,000. Sasa gawanya kwa 9: inatoka 6,000 bila baki. Tofauti inapogawanyika kwa 9 bila baki, shuku tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, au mtu ameacha sifuri mahali, kwa mfano umeme ukiandikwa 2,700 badala ya 27,000. Hapa ni 39 iligeuzwa 93, kidole tu kiliteleza. Huo ujanja haukuthibitishii kosa, unakuonyesha tu uanze kutafuta wapi, lakini saa nne za usiku hiyo ni nafuu kubwa.

Na usiishie hapo, fuata hiyo namba mbaya imezaa nini. Kikundi kinachangia 50,850, ambayo ni asilimia 15 kamili ya 339,000, na kinaomba zilizobaki 288,150. Lakini aliyeandika barua alichukua jumla kutoka kwa muhtasari, akatoa 50,850, akaandika mnaomba 342,150. Kwa hivo barua inaomba hela ambazo bajeti haina matumizi yake. Na kibaya zaidi, mkaguzi akichukua 50,850 akaigawanya kwa 393,000 anapata kama asilimia 12.9, chini ya 15 iliyotakiwa, na plani inaweza kutupwa kwa sharti ambalo kikundi kimelitimiza kabisa. Kidole kimoja kilichoteleza, makosa matatu.

Ndio maana ukishapata namba mbaya, tumia Ctrl+F utafute hiyo mbaya kwa plani nzima, sio kuirekebisha pale tu ulipoiona. Tafuta `393`, tafuta `342`, bila koma na bila sifuri, kwa sababu mwingine ameandika 393,000/= na mwingine Ksh 393 elfu. Kisha tafuta pia "laki" na "elfu", kwa sababu namba zilizoandikwa kwa maneno hazipatikani kwa tarakimu, na barua nyingi huandika kiasi kwa njia zote mbili. 288,150 ni laki mbili themanini na nane elfu mia moja hamsini, hakikisha maneno na tarakimu zinakubaliana.

Ukiwa na mwenzio, mmoja asome namba kutoka jedwali kwa sauti na mwingine afuate kwenye barua. Lakini msome tarakimu moja moja, tatu tatu tisa koma sifuri sifuri sifuri. Ukisema "elfu thelathini na tisa" mmoja anaweza kusikia 39,000 na mwingine 30,009, na wote wawili wako sawa kwa walichosikia.

Kama bajeti ilitengenezwa kwa Excel, kuna mtego mwingine. Mtu akitaipi "Ksh 24,500" ndani ya seli, mara nyingi Excel inaihesabu kama maandishi na jumla inairuka kimya kimya. Utajua kwa kuangalia upande: namba ya kweli hulala kulia mwa seli, maandishi hulala kushoto, isipokuwa kama mtu ameshazipanga kwa mkono. Weka tarakimu tupu, na neno Ksh likae kwenye kichwa cha safu. Jumla iwe fomula, sio namba iliyotaipiwa:

```
=SUM(D2:D9)
```

Na kama jedwali liko ndani ya Word na jumla yake ni `=SUM(ABOVE)`, jua kwamba hiyo haijibadilishi yenyewe ukibadilisha mstari. Bonyeza juu ya jumla kisha F9. Hiyo hiyo pia inaweza kujumlisha kichwa cha safu kikiwa ni namba, yaani kama juu ya safu umeandika mwaka tupu, utashangaa bajeti imezidi kwa elfu mbili na kitu. Mimi kwa plani ya mwisho napendelea jumla ya Word niihakikishe kwa kalkuleta na niiandike kwa mkono, basi.

Baada ya hela kuna namba zinazojificha ndani ya maneno. Plani yetu inasema ukurasa wa 3 kwamba kikundi kinauza kilo 40 kwa siku na Ijumaa hawafungui. Ukurasa wa 7 jedwali la mapato linasema kilo 1,200 kwa mwezi. 40 mara siku 30 ndio 1,200, sawa, lakini ukitoa Ijumaa zinabaki kama siku 26, na hizo ni kilo 1,040. Kwa faida ya shilingi 60 kwa kilo, mwezi unatoka 72,000 unaingia 62,400, na mwaka mzima plani ilikuwa imeahidi 115,200 ambazo hazipo. Hakuna kalkuleta itakayokuonyesha hilo ukiangalia jedwali peke yake, lazima usome sentensi na jedwali kwa pamoja.

Miezi nayo ihesabu kwa vidole. Bajeti ina kodi ya miezi 6, ratiba inasema Julai hadi Januari. Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Disemba, Januari, hiyo ni saba. Nani atalipa kodi ya Januari? Watu wengi wanatoa Julai kwa Januari kichwani na kusahau kuhesabu mwezi wa kwanza wenyewe. Na kila tarehe yenye siku ya wiki ihakikishe kwa kalenda ya simu, haichukui sekunde kumi.

Wanachama pia. Utangulizi unasema 15, wanawake 11 na wanaume 4, hiyo inaingia. Orodha nyuma ina majina 14. Ama mtu kaachwa ama mtu katoka kwa kikundi na hakuna aliyebadilisha utangulizi, na hilo huwezi kuamua wewe mwenye kupitia, mpigie simu katibu.

Hapa niweke neno. Ukiwa unapita namba utaona mambo mengine, kwa mfano jedwali la mapato limeweka miezi 12 sawasawa kama vile kusi haipo, na kila mtu Mtongwe anajua bahari ikichafuka samaki wanapungua. Hilo sio kosa la kutaipi, ni kosa la plani. Liandike pembeni uwapelekee waandishi, kama kuna muda walirekebishe wao, lakini usianze kuandika upya plani ya watu usiku wa mwisho, kwa sababu kila namba utakayoigusa itakurudisha kwenye ile karatasi ya kwanza.

Majina

Sheria ni moja: jina linanakiliwa kutoka kwa dokumenti, halitoki kichwani. Jina la kikundi litoke kwenye cheti cha usajili, herufi kwa herufi, hata kama kila mtu mtaani anawaita kwa jina jingine. Jina la akaunti litoke kwenye stetimenti ya benki. Jina la mtu litoke kwenye kitambulisho.

Kwa majina yetu ya pwani hii ni shida ya kweli, kwa sababu jina moja lina njia nne za kuliandika na zote ni sahihi. Athman na Athumani. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Khadija na Hadija. Mwanahamisi na Mwanamisi. Mwenye jina mwenyewe anaandika hivi leo na vile kesho na hajali, lakini karani wa malipo anajali, yeye anaangalia kama mwenye sahihi ya benki ndiye huyu kwenye orodha. Omba picha za vitambulisho vya mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kaa nazo kando, linganisha. Kisha futa hizo picha kwa simu yako ukimaliza, si vizuri kubaki na vitambulisho vya watu.

Namba za utambulisho ziko hapa hapa pamoja na majina. PIN ya KRA ina herufi na tarakimu 11 kwa jumla: inaanza na herufi moja, zinafuata tarakimu 9, inamalizika na herufi. Ya mtu binafsi huanza na A, ya kampuni au kikundi huanza na P. Kwa hivo ukiona PIN ya kikundi imeanza na A, mtu ameweka ya kwake. Na pale ilipotaipiwa kwa mkono angalia kama sifuri imekuwa herufi O, kwa fonti nyingine macho hayatofautishi.

Majina ya mahali: Mtongwe ni wadi ndani ya Likoni, sio kaunti ndogo. Likoni yenyewe ni kaunti ndogo na pia kuna wadi inayoitwa Likoni ndani yake, ndio watu wanachanganya. Plani ikisema wadi ya Mtongwe kwenye jalada na Timbwani kwenye fomu, mkaguzi atajiuliza mradi uko wapi hasa.

Na jina la hatari kuliko yote ni la mfadhili mwingine. Plani nyingi zimetoka kwa plani ya mwaka jana, na mahali fulani ukurasa wa 6 kuna sentensi inayomshukuru yule wa zamani. Tafuta jina lake kwa Ctrl+F, tafuta kifupi chake pia, tafuta mwaka uliopita, na angalia juu na chini ya ukurasa kwa sababu maandishi ya hapo huwa yamefifia na macho yanayaruka.

Vitu navyo viwe na jina moja. Ukisema friza kwenye bajeti, jokofu kwenye ratiba na mashine ya baridi kwenye maelezo, anayesoma haraka anaweza kudhani mnanunua vitu vitatu. Chagua moja.

Kuhusu ile mistari myekundu ya Word, plani ikiwa kwa Kiswahili na lugha iliyowekwa ni Kiingereza basi kila neno lina mstari, na kosa la kweli linapotea humo. Chagua maandishi yote kwa Ctrl+A, nenda Review, Language, Set Proofing Language, weka Kiswahili. Haikamati yote lakini angalau nyekundu zinapungua mpaka unaweza kuzisoma moja moja. Katika lugha yoyote haitakwambia kwamba "mauzo" yamekuwa "mazao", maana yote ni maneno halali.

Vichwa

Hii ni fupi. Chukua orodha ya vichwa kwenye tangazo, weka kando ya vichwa vya plani, na viwe vile vile kwa maneno yale yale na kwa mfuatano ule ule. Tangazo likisema "Uendelevu wa mradi" usiandike "Mustakabali wetu", hata kama ni tamu zaidi. Mkaguzi ana fomu ya alama yenye vichwa hivyo, anatafuta kila kimoja aweke alama, asipokiona anaweza kuweka sifuri na kuendelea.

Kwenye Word fungua View kisha Navigation Pane. Upande wa kushoto utaona vichwa vyote. Kichwa kisichotokea hapo kimewekwa bold tu kwa mkono, sio Heading ya kweli, na hakitaingia kwenye yaliyomo. Hapo hapo utaona namba zilizoruka, 3.2 halafu 3.4, kwa sababu mtu alifuta 3.3. Ukimaliza kurekebisha, bonyeza kulia juu ya yaliyomo, Update Field, kisha Update entire table. Ukichagua ile ya kurasa peke yake, vichwa vilivyobadilishwa maneno vitabaki vya zamani.

Majedwali nayo yana namba. Sentensi ikisema "tazama Jedwali la 4", nenda ukalitazame. Kama lipo la 3 tu, ushaona.

Urefu

Plani yetu baada ya marekebisho imefika kurasa 11, na ule wa 11 una mistari mitano. Hapa ndipo watu wanapunguza fonti iwe 11 au wanabana pambizo, na mkaguzi anayesoma plani nyingi kwa siku anaona hilo kabla hajasoma neno.

Kwanza angalia saizi ya karatasi. Layout, Size. Kompyuta nyingi za saiba huja zimewekwa Letter. A4 ni milimita 210 kwa 297, Letter ni 216 kwa 279, kwa hivo A4 ni ndefu zaidi kwa milimita 18, ambayo kwa nafasi ya mistari ya 1.5 ni karibu mistari miwili kila ukurasa. Plani iliyoandikwa kwa Letter ukiigeuza A4, ambayo ndiyo iliyotakiwa, inaweza kupungua yenyewe bila kukata kitu.

Ikibaki, tafuta aya ambazo mstari wa mwisho una neno moja au mawili tu. Ukikata maneno mawili matatu ndani ya aya hiyo umeokoa mstari mzima. Aya tano za namna hiyo na ukurasa wa 11 umeondoka, bila kupoteza hoja hata moja. Ukiwa bado unahitaji nafasi, kata kile kilichosemwa mara mbili, na huwa ni historia ya kikundi, imeandikwa kwenye utangulizi na imerudiwa kwenye uwezo wa kikundi.

Muhtasari wa maneno 250 uchague wote kwa mausi kisha angalia Word Count, itakuonyesha maneno ya pale ulipochagua. Kama kuna kisanduku cha maandishi au maelezo ya chini, fungua hiyo Word Count yenyewe uone kama kile kiboksi cha kuvijumlisha kimetikiwa. Na kama muhtasari unaingizwa kwenye fomu ya mtandaoni inayohesabu herufi badala ya maneno, hesabu ya herufi iko hapo hapo, chukua ile yenye nafasi ndani yake, ndiyo salama.

Fomati, halafu PDF

Chagua yote kwa Ctrl+A uangalie kisanduku cha fonti. Kikiwa kitupu, ndani kuna zaidi ya fonti moja, na mara nyingi ni vile vipande vilivyotoka WhatsApp. Vichwa kuwa na fonti yao ni sawa, aya za kawaida ndizo zilingane. Fedha ziwe na mtindo mmoja, ama Ksh ama shilingi, na kati ya Ksh na namba bonyeza Ctrl+Shift+Space badala ya nafasi ya kawaida ili Ksh isibaki mwisho wa mstari na namba ishuke chini. Kichwa kilichobaki peke yake mwisho wa ukurasa, bonyeza kulia, Paragraph, Line and Page Breaks, tiki Keep with next. Usikisukume kwa Enter nyingi, kwa sababu ukikata mstari juu yake zile Enter zinakuja kukufungulia pengo katikati ya ukurasa.

Kisha hifadhi kama PDF kwenye kompyuta ile ile uliyofanyia kazi. Ukipeleka faili ya Word saiba ya Mwembe Tayari uprinti kule, fonti zisipokuwepo itaweka zake, na kurasa zako 10 zinaweza kuwa 11 mbele ya macho yako.

PDF ndiyo plani sasa, Word ilikuwa jiko tu. Ifungue na uipitie yote, ukurasa kwa ukurasa: jedwali limekatwa upande wa kulia? Namba za kurasa zipo? Kwenye Adobe Reader, bonyeza Ctrl+D ufungue Document Properties, Page Size ya A4 inaonyesha 8.27 x 11.69 in. Ikionyesha 8.50 x 11.00 in hiyo ni Letter, rudi kwa Word. Printi nakala moja nyeusi na nyeupe kama itapelekwa kwa mkono, maana vichwa vya jedwali vilivyopakwa bluu iliyokoza vinatoka vyeusi tii na maandishi hayasomeki. Kwenye hiyo nakala soma namba tena, zile za kwenye karatasi yako ya kwanza tu, na ukipata kosa rekebisha kwa Word, tengeneza PDF upya, na uangalie upya ukurasa ule na ule unaofuata. Kosa la mwisho la plani mara nyingi linaingia pale pale mtu anaporekebisha kosa la kabla ya mwisho.

Siku ya kutuma

Saa ya mwisho isome vizuri. Tangazo likisema 10:00 a.m. hiyo ni saa nne asubuhi, na kwenye kikundi cha WhatsApp andika "saa nne asubuhi", usiandike 10 tupu. Kama ni kupeleka kwa mkono na mnatoka Likoni, hesabu foleni ya feri ndani ya muda, na nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa yenye tarehe na saa, mbaki na kopi yenu.

Kama ni imeili, baada ya kuambatisha ifungue ile iliyoambatishwa, ndani ya imeili yenyewe, uone ni ya leo. Halafu hifadhi hiyo PDF iliyotumwa na usiiguse tena, kwa sababu wakiwapigia simu kuuliza kuhusu ukurasa wa 7 lazima muwe mnaangalia ukurasa wa 7 ule ule.

Na ukigundua kosa baada ya kutuma? Kama muda haujaisha na ni kosa la hela au jina la benki, piga simu au andika uulize kama wanakubali kubadilisha, na wakikubali tuma faili nzima upya yenye jina linalosema wazi imerekebishwa, pamoja na mstari mmoja wa kueleza ni ukurasa gani na namba gani imebadilika. Usitume ukurasa mmoja peke yake ukidhani mtu atakaa auchomeke. Kama ni nukta iliyokosekana au "na" iliyoandikwa mara mbili, iache ilivyo.